Rekodi ya simu yenye mkia wa .amr: jinsi ya kuigeuza iwe WAV ndipo uikate

*“Habari mtaalamu. Kabambe yangu ilirekodi mazungumzo yangu na dalali wa nyumba, dakika 14 hivi, na ndani yake anakubali kwamba alipokea dipoziti yangu ya shilingi 36,000. Nimetoa kadi ya memori nikahamisha faili kwenye simu yangu ya Android. Jina lake linaishia .amr na ukubwa ni KB 1,313 tu. VLC inaicheza, lakini programu ya kukatia sauti inasema haiitambui. Nilibadilisha jina likawa .mp3, bado ikakataa. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue anataka 1,500 aigeuze na ‘kuisafisha iwe HD’. Mimi nataka zile dakika mbili za dipoziti tu. Sina kompyuta. Nifanyeje?”*

Usimlipe bado, ndugu yangu. Kwa hayo uliyoeleza faili yako ni nzima, na kazi yote inafanyika kwenye hiyo Android uliyo nayo. Gharama yake ni bando la kupakulia programu. Kabla ya lolote, rudisha jina la faili liishie `.amr` kama lilivyokuwa. Kisha itoe ile kadi ya memori kwenye kabambe uiweke mahali salama, ili simu isije ikaandika kitu kingine juu yake. Kila nitakachokueleza hapa utakifanya kwenye nakala, si kwenye ile faili ya kwenye kadi.

Nianze na ule ukubwa, kwa sababu wengi wakiona faili ya dakika 14 ina megabaiti moja na kidogo hudhani imekatika katikati au simu ilirekodi vibaya. AMR ni njia ya kubana sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu za mkononi, na shirika la viwango vya mitandao, 3GPP, liliikubali mwishoni mwa miaka ya tisini. Inagawanya sauti katika vipande vya milisekunde 20, kwa hiyo kila sekunde moja ina vipande 50. Katika kiwango chake cha juu kabisa, kinachoitwa 12.2, kila kipande huandikwa kwa baiti 32. Zidisha: baiti 1,600 kwa sekunde. Dakika 14 ni sekunde 840, na 840 mara 1,600 ni baiti 1,344,000. Ongeza baiti sita za utangulizi, gawanya kwa 1,024, unapata takriban KB 1,313. Ndiyo namba uliyoniandikia. Kwa hiyo hata kabla sijaiona faili yenyewe, naweza kukwambia kwamba simu yako ilirekodi kwa kiwango cha juu zaidi ambacho AMR ya kawaida inakiruhusu, na kwamba kwa ukubwa hakuna kilichopungua.

Sasa kwa nini programu ya kukatia inakataa, na VLC inacheza? Programu ya kukatia inahitaji mawimbi. Inataka kujua sauti ilikuwa juu kiasi gani katika kila nukta ya wakati, ili ichore ule mstari unaopanda na kushuka, na wewe uweke alama pale unapotaka kukata. AMR haihifadhi mawimbi hayo. Kwa kila milisekunde 20 inaandika maelezo tu: koo na mdomo wa msemaji vilikuwa katika umbo gani, sauti ilikuwa nzito au nyembamba, na nguvu yake ilikuwa kiasi gani. Programu inayocheza faili ndiyo inayoyatumia maelezo hayo kuiunda sauti upya. Ni kama daftari la fundi nguo lenye vipimo vya gauni. Vipimo vyote vimo, lakini huwezi kupunguza pindo la daftari. Lazima gauni lishonwe kwanza. VLC inajua kushona. Programu nyingi ndogo za kukatia zilitengenezewa muziki, zinajua MP3, M4A na WAV, na watengenezaji wake hawakuona haja ya kuzifundisha njia ya kubana iliyotungwa kwa ajili ya simu.

Ndiyo maana kubadilisha jina hakukusaidia. Zile herufi baada ya nukta haziko ndani ya faili. Ulipoandika `.mp3`, programu iliingia ikitafuta mpangilio wa MP3, ikakuta maelezo ya AMR, ikashindwa. Habari njema ni kwamba hukuharibu kitu, maana kubadilisha jina hakugusi hata baiti moja. Jambo ambalo lingeharibu ni kuifungua faili kwa programu ya kuandikia maandishi kisha ukabonyeza hifadhi. Programu hizo hubadilisha baiti zisizozitambua, na ukishahifadhi huwezi kuzirudisha. Ukiona faili imefunguka ikajaa alama za ajabu, ifunge bila kuhifadhi.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo, nalo hukuta watu waliopata kompyuta. Audacity ina chaguo la kuingiza data ghafi, `Import > Raw Data`. Faili ikikataliwa kwa njia ya kawaida, mtu hujaribu mlango huo, na faili inakubaliwa. Lakini kinachosikika ni mngurumo mtupu, kama redio isiyo na stesheni, kwa sababu programu imesoma maelezo yaliyobanwa kana kwamba ni mawimbi. Mtu hukata tamaa akidhani rekodi imekufa, kumbe imesomwa vibaya tu.

Dawa ni kuigeuza faili iwe WAV, yaani sauti iliyofunguliwa kikamilifu, isiyobanwa. Wengi hukimbilia MP3 kwa sababu ndiyo waliyoizoea. MP3 hubana kwa kutupa sehemu za sauti ambazo inadhani sikio halitazikosa, na sauti yako tayari imetupiwa sehemu nyingi na AMR. Ukigeuza iwe MP3, ukaikata, ukaihifadhi tena MP3, utakuwa umeipitisha kwenye hasara mara tatu. WAV haitupi kitu. Unaweza kuikata na kuihifadhi mara nyingi upendavyo na sauti ikabaki ileile. Gharama yake ni nafasi: kila sekunde itachukua baiti 16,000, kwa hiyo dakika zako 14 zitakuwa takriban megabaiti 13. Kwa simu ya kisasa hilo ni jambo dogo.

Kuna tovuti nyingi zinazokugeuzia faili bure, na nyingine zinafanya kazi vizuri. Sikushauri uzitumie kwa rekodi hii. Mazungumzo ya nyumba huwa na majina, namba za simu, namba ya nyumba, pengine hata namba ya kitambulisho na ya M-Pesa, na ukishayapandisha kwenye seva ya mtu huna uwezo wa kuyafuta. Kwa wimbo wa harusi sawa. Kwa ugomvi wa pesa, hapana.

Badala yake tumia ffmpeg. Hii ndiyo programu huru ambayo programu nyingi za video na sauti huitegemea kwa siri ndani yake. Kwenye Android inaingia kupitia Termux, ambayo ni dirisha la kuandikia amri. Termux ichukue F-Droid, duka la programu huru lililo nje ya Play Store. Tafuta Wi-Fi kwanza, kwa sababu kwa jumla utapakua zaidi ya megabaiti mia moja. Simu itakuonya kwamba unaweka programu isiyotoka Play Store. Soma onyo, ruhusu kwa mara hiyo, kisha uirudishe ruhusa hiyo ilivyokuwa. Halafu nakili rekodi yako kwenye folda ya `Download` na uipe jina fupi lisilo na nafasi wala mabano, `simu.amr`. Majina ambayo kabambe hutoa, yenye tarehe na alama nyingi, ndiyo huwakwamisha watu kwenye amri.

Fungua Termux uandike mistari hii mmoja mmoja. Ikikuuliza kama uendelee, jibu `y`. Mstari wa tatu utaleta kidirisha cha kuomba ruhusa ya kuona faili zako, kubali.

```
pkg upgrade
pkg install ffmpeg
termux-setup-storage
cd ~/storage/downloads
head -c 12 simu.amr
```

Mstari wa mwisho haubadilishi chochote. Unaonyesha herufi 12 za kwanza za faili, na hapo ndipo faili inapokwambia yenyewe ni nini, bila kujali jina ililopewa. AMR ya kawaida huanza na `#!AMR`. Mara baada yake kuna mstari mpya, kisha kwako natarajia uone alama `<`. Alama hiyo ni kichwa cha kipande cha kwanza, na katika kiwango cha 12.2 kichwa cha kipande kizuri huwa ni hiyohiyo. Ukiiona, hesabu yetu ya mwanzo imethibitika. Zitakazofuata ni takataka kwa macho, zisikutishe.

Ukikuta `#!AMR-WB`, hiyo ni ndugu yake ya baadaye yenye sauti pana zaidi, na hatua hazibadiliki. Ukikuta `ftyp` karibu na mwanzo, faili yako ni ya jamii ya 3GP au M4A iliyopewa jina lisilo lake, na ffmpeg itaifungua pia. Ikiwa hakuna kinachotokea kabisa, angalia ukubwa wa faili: huenda nakala ni ya baiti sifuri kwa sababu ilikatizwa wakati wa kuhamisha. Rudi kwenye kadi unakili upya, halafu ulinganishe ukubwa wa faili mbili.

Kabla ya kugeuza, chukua alama ya utambulisho ya faili asili:

```
sha256sum simu.amr
```

Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Unakili mahali, pamoja na tarehe. Kama hata baiti moja ya faili ikibadilika kesho, mfuatano huo utabadilika wote. Ukija kuulizwa kama rekodi imeguswa, una cha kuonyesha. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa geuza:

```
ffmpeg -i simu.amr -c:a pcm_s16le simu.wav
```

Sekunde chache zinatosha. Katika maandishi yatakayomiminika tafuta mstari wenye `Audio:`. Panapaswa kuwa na `amr_nb`, `8000 Hz` na `mono`. Mwishoni kuna `time=`, na hapo ndipo utaona urefu wa kweli wa mazungumzo. Usishtuke ikiwa urefu huo haulingani na ule VLC iliokuonyesha. Faili ya AMR haina mahali popote palipoandikwa urefu wake; ina utangulizi wa herufi sita, kisha vipande vimefuatana hadi mwisho. Programu ya kuchezea hukisia kwa kugawanya ukubwa, na penye ukimya simu nyingine huandika vipande vidogo zaidi, basi makisio yanakosea. Ukishageuza kuwa WAV kila sekunde ina ukubwa uleule, kwa hiyo urefu unaouona huko ndio wa kuaminika. Dakika zote za kukatia zisome kwenye WAV, usizisome kwenye AMR.

Fungua `simu.wav` kwenye ile programu yako ya kukatia na mawimbi yatachoreka. Zipo programu chache zinazosumbuka na sauti ya 8000, yaani iliyopimwa mara 8,000 kwa sekunde: ama zinakataa, ama zinaicheza mbio mpaka dalali anasikika kama ndege. Hapo sauti haijaharibika. Programu imedhani ni ya 44,100, ikaicheza zaidi ya mara tano ya kasi yake. Usihangaike kupunguza kasi kwa mkono, maana hutapata kipimo sawasawa. Rudia amri ukiongeza kipimo hicho, ili ffmpeg ihesabu upya kwa usahihi:

```
ffmpeg -i simu.amr -ar 44100 -c:a pcm_s16le simu44.wav
```

Faili itakua hadi megabaiti 74 hivi, na sauti itabaki ileile. Ukubwa ulioongezeka ni wa karatasi, maneno hayajaongezeka.

Hapa tufike kwa fundi wako na hiyo HD. Simu ilipopima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kilichokuwa juu ya Hz 4,000 kilibaki nje, na kwa kawaida mtandao wa simu hukata mapema zaidi, karibu na Hz 3,400. Kilichobaki nje hakijajificha ndani ya faili kikisubiri kusafishwa. Hakikuandikwa kabisa. Anachoweza kufanya fundi ni kupunguza mvumo wa nyuma, kuinua sauti nyonge, au kutia mng'aro wa kubuni. Kuinua sauti ni halali na hata wewe unaweza. Kupunguza mvumo kwa nguvu kwenye sauti iliyobanwa hivi hula konsonanti, maneno yakaanza kusikika kama yametamkwa chini ya maji. Mng'aro wa kubuni ndio mbaya zaidi kwa kesi kama yako, kwa sababu unaongeza sauti ambazo dalali hakuzitoa.

Ujue pia kile ambacho rekodi hii haitaweza kukuthibitishia. Nguvu kubwa ya sauti ya “s” iko juu ya pale palipokatwa, na ndiyo inayoitofautisha na “f”. Dalali akitaja nyumba F6, sikio la mtu mwingine linaweza kusikia S6, na hakuna programu itakayoamua. Kwa hiyo usiitegemee herufi moja. Tafuta mahali anapotaja ghorofa, mtaa, mwezi au kiasi cha pesa, maana “elfu thelathini na sita” ina silabi za kutosha kusimama yenyewe hata kwenye simu mbovu.

Twende kwenye kukata kwenyewe. Tuseme umesikiliza WAV ukakuta unamuuliza habari ya dipoziti kwenye dakika ya 6 na sekunde 52, naye anamaliza kujibu kwenye 8:47. Usikate hapo hapo. Rudi nyuma hadi 6:40, ili swali lako lisikike lote na aliyekuwa akisema kabla yake asikike amemaliza, na umalize 8:55. Kipande kinachoanza katikati ya neno humfanya msikilizaji ajiulize nini kimefichwa. Unaweza kukata kwa kidole kwenye programu yako, au kwa amri hii, ambayo ina faida kwamba unaweza kuionyesha baadaye neno kwa neno:

```
ffmpeg -i simu.wav -ss 00:06:40 -to 00:08:55 -c copy kipande.wav
```

Hizo ni dakika mbili na sekunde 15, takriban megabaiti 2. Sikiliza mwanzo na mwisho kwa spika za masikioni. Kama swali liko mahali pamoja na jibu liko dakika tatu mbele, toa kipande kirefu kinachobeba vyote, au vipande viwili vyenye majina yanayoonyesha dakika zake. Kuunganisha sehemu mbili kuwa faili moja, hata kwa nia safi, ni kumpa dalali sababu ya kusema umetunga.

Mtu anaweza kukwambia kwamba AMR yenyewe inakatika bila kugeuzwa, kwa kuwa imeundwa kwa vipande vidogo. Ni kweli, inawezekana. Lakini kila kipande hutegemea kumbukumbu ya vilivyokitangulia, kwa hiyo mwanzo wa kile ulichokata hukwaruza kidogo, na kwa sababu ya ule urefu wa kukisia unaweza kukata sekunde kadhaa mbali na ulipotaka. Kwa kazi yako WAV ni bora.

Ukihitaji kutuma kipande kwa WhatsApp, kitume kama `Document` kikiwa WAV, kifike kama kilivyo. Kama mpokeaji ana simu inayosumbua na WAV, hapo ndipo MP3 ina nafasi yake, mara moja, mwisho kabisa:

```
ffmpeg -i kipande.wav -ar 44100 -b:a 64k kipande.mp3
```

Kama Termux itakushinda, na wapo wengi ambao kuandika amri kwenye kioo kidogo kunawachosha, nenda saiba yenye kompyuta yenye VLC. Chagua `Media > Convert / Save`, ongeza faili, kisha uchague `Audio - CD`, itakupa WAV. Audacity nayo huifungua AMR ikiwa tu maktaba ya FFmpeg imewekwa kando. Bila hiyo itakataa kama programu ya simu yako ilivyokataa. Tumia flashi yako, na ukimaliza futa nakala zote kwenye kompyuta yao, pamoja na zile zilizo kwenye pipa la taka.

Utajuaje kama kitu kimeharibika kweli? Ishara kubwa ni sauti kuwa safi hadi mahali fulani, kisha kugeuka mbwatiko usioeleweka hadi mwisho. Kichwa cha kila kipande ndicho kinachosema kipande kina urefu gani. Baiti moja ikipotea kwenye kadi mbovu, programu inayoisoma hupotea hatua, na kila kinachofuata inakisoma mahali pasipo pake. Hapo faili inaokolewa: mtu mwenye ujuzi huifungua kwa programu ya kuona baiti, huitafuta ile alama `<` inayojirudia kila baiti 32, na kuanza kusoma upya kutoka hapo. Kinachopotea ni sehemu ndogo tu. Hiyo ni kazi ya mikono, na kwa hiyo ningekubali ulipe. Vivyo hivyo kama kadi haisomeki kabisa, au faili ilifutwa: acha kuitumia kadi mara hiyohiyo, kwa maana kila kitu kipya kinachoandikwa kinaweza kukalia nafasi ya ile rekodi.

Na kama suala hili linaelekea mahakamani, kwa mfano Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, mtafute wakili kabla hujapeleka kipande popote. Mahakama hiyo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kwa hiyo kiasi chako kimo ndani. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inazungumzia cheti kinachoandamana na rekodi ya kielektroniki, kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani. Wakili atakuandalia, lakini maelezo ni wewe uliye nayo, kwa hiyo yaandike sasa ukiwa bado unakumbuka: aina ya kabambe, tarehe na saa ya simu, siku uliyotoa kadi, kwamba jina liliwahi kubadilishwa likarudishwa, zile herufi 64, na amri ulizotumia kama zilivyo. Mpelekee faili asili yote ya dakika 14 pamoja na kipande. Muulize pia kuhusu kurekodi kwenyewe na matumizi ya sauti ya mtu mwingine, kwa kuwa kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hilo ni swali la mwanasheria. Dalali akikana kwamba sauti ni yake, basi hata wakili atahitaji mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali, naye atataka kadi yenyewe na kabambe yenyewe mkononi, kwa hiyo usiiuze wala kuipa mtoto simu hiyo hadi jambo liishe.